Hesabu ya oda moja mbele ya mwekezaji: mwongozo kamili kwa kampuni changa ya kupeleka chakula Kampala

Kampuni moja ya kupeleka chakula kwa bodaboda inaweza kumpa mwekezaji majibu matatu kwa swali lile lile. Anauliza: pesa mliyotumia kumpata mteja mmoja inarudi baada ya muda gani? Jibu la kwanza ni chini ya mwezi mmoja. La pili ni miezi mitatu. La tatu ni mwezi wa 11. Majibu yote yanatoka kwenye hesabu za kampuni hiyo hiyo na wateja wale wale, na hakuna risiti iliyoghushiwa. Tofauti iko katika gharama zilizotolewa kabla kinachobaki hakijaitwa faida, na katika namna walivyohesabiwa wateja walioacha kuagiza.

Mwongozo huu unafuata jibu la tatu. Mwekezaji mwenye uzoefu atalifikia mwenyewe akishapewa takwimu zako, na ni afadhali alikute kwenye slaidi yako kuliko alifukue wakati wa ukaguzi. Nimechukua kampuni ya mfano inayopeleka chakula cha mikahawa Ntinda, Bukoto, Kisaasi na Najjera. Tarakimu zake nimezipanga zigawanyike kwa urahisi, kwa hiyo usizichukue kama bei za soko. Weka zako mahali pake.

Kuna sababu ya pekee ya kuwa makini na hesabu hii Uganda. Mwezi Desemba 2023 Jumia ilitangaza kufunga huduma yake ya chakula, Jumia Food, katika nchi saba, Uganda na Kenya zikiwemo, kufikia mwisho wa mwezi huo. Mwekezaji yeyote anayezijua biashara za ukanda huu analikumbuka tangazo hilo. Hata asipolitaja, swali liko kichwani mwake: kampuni kubwa yenye mtaji mwingi imeondoka, ninyi mnapata wapi pesa katika oda moja?

Hatua ya kwanza: tenga pesa iliyo yako

Oda ya wastani katika mfano wetu ni chakula cha shilingi 35,400. Mteja anaongeza 4,720 za kupelekewa, kwa hiyo analipa 40,120. Waanzilishi wengi huiweka 40,120 kwenye slaidi na kuiita mauzo. Sehemu kubwa ya pesa hiyo ni ya mkahawa. Inapita mikononi mwako na kuendelea na safari yake.

Yako ni kamisheni pamoja na ada ya kupeleka. Mkataba na mikahawa unasema kamisheni ni asilimia 20, kodi ikiwa ndani, yaani 7,080. Ukijumlisha na 4,720 unapata 11,800. Na hapo bado hujaondoa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uganda ni asilimia 18. Kwa kuwa 11,800 ina kodi ndani yake, unagawanya kwa 1.18 na kupata 10,000 kamili. Shilingi 1,800 ni za URA.

Hapa mtu atasema kampuni yake bado ni ndogo na haijasajiliwa kulipa kodi hiyo, basi kwa nini aitoe? Kwa sababu unaomba pesa ya kukua, na ukikua utasajiliwa. Mwekezaji ananunua kampuni ya miaka miwili ijayo, na katika kampuni hiyo shilingi 1,800 za kila oda hazipo. Onyesha safu mbili ukitaka, ya leo na ya baada ya usajili, lakini hesabu zote zinazofuata zijengwe juu ya ile ya pili.

Kampuni nyingine huiacha ada ya kupeleka yote kwa dereva na kuhesabu kamisheni peke yake kuwa mapato. Hilo halina ubaya, mradi malipo ya dereva kwenye upande wa gharama yapungue kwa kiasi kile kile. Usichanganye njia hizo mbili katika slaidi moja.

Hatua ya pili: dereva analipwa kwa saa, hata kama mkataba unasema kwa oda

Hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote na ndiyo inayohesabiwa vibaya kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kampuni yetu inamlipa dereva wa bodaboda 4,500 kwa kila oda aliyofikisha. Mwanzilishi anaandika 4,500 na kuendelea. Lakini dereva hakubali kukaa nje ya mkahawa Ntinda kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja alasiri akisubiri oda isiyokuja, wakati stejini kuna abiria wa kwenda Kyaliwajjala. Ili asiondoke, kampuni imemhakikishia kima cha chini cha 7,500 kwa kila saa aliyo kazini. Saa akipeleka oda moja tu analipwa 7,500. Akipeleka mbili analipwa 9,000, yaani 4,500 kwa kila moja. Kiwango cha 4,500 kinaanza kuwa cha kweli pale tu saa inapobeba oda 1.67 na kuendelea.

Njia sahihi ni rahisi: chukua jumla ya pesa yote iliyowafikia madereva kwa mwezi mzima, pamoja na nyongeza za mvua, za usiku na za sikukuu, ugawanye kwa oda zilizofika. Katika mfano wetu inatoka 5,200. Tofauti ya 700 kati ya mkataba na ukweli inaonekana ndogo, lakini utaona baadaye inavyosogeza miezi.

Kisha vunja wastani huo kwa saa za siku na kwa mtaa. Saa sita hadi saa nane mchana, ofisi za Bukoto na Ntinda zinaagiza kwa pamoja, dereva anabeba oda mbili zinazoelekea upande mmoja. Alasiri ni kimya. Najjera inaagiza vizuri jioni, lakini dereva akifika huko anarudi mtupu, maana mikahawa mingi iko upande wa pili. Mvua za Machi hadi Mei zinageuza kila kitu: oda zinaongezeka, madereva wanajikinga chini ya vibanda, anayekubali kutoka anataka nyongeza, na chakula kinafika kimepoa. Mwekezaji akiona umevunja namba hivi, anajua unaishi ndani ya biashara yako.

Hatua ya tatu: gharama ndogo ndogo zinazokwenda na kila oda

Kanuni ni moja: gharama yoyote inayoongezeka oda zikiongezeka inaingia hapa. Kodi ya ofisi na mishahara ya waandishi wa programu haiingii. Makato ya kupokea na kutuma pesa za simu, iwe MTN MoMo au Airtel Money, yanaingia. Kumbuka kwamba makato ya kupokea yanakatwa kwenye 40,120 yote, wala si kwenye 10,000 yako. Kwa kampuni yetu jumla ni 900 kwa oda. Oda zilizoharibika, zilizorudishwa au zilizokataliwa mlangoni ni 3 katika kila 100, na kila moja inagharimu wastani wa 20,000, kwa hiyo mzigo wake kwa kila oda ni 600. Huduma kwa wateja, muda wa maongezi na ujumbe mfupi ni 500. Punguzo kwa wateja wa zamani, lile la Ijumaa na la mwisho wa mwezi, ni 600.

Jumla bila dereva ni 2,600. Ukiongeza dereva 5,200 unapata 7,800. Toa kwenye 10,000 na kinachobaki ni 2,200. Huo ndio mchango wa oda moja: kiasi ambacho kila oda inachangia kulipia matangazo, ofisi na mishahara, na mwishowe faida.

Linganisha na ile hesabu ya haraka. Kamisheni na ada 11,800, toa dereva 4,500, inabaki 7,300. Ni zaidi ya mara tatu ya mchango wa kweli.

Sasa angalia kinachotokea kwa saa. Kabla ya kumlipa dereva, oda ina 7,400. Saa yenye oda moja kwa dereva inakula 7,500, kwa hiyo oda hiyo inapoteza shilingi 100. Saa yenye oda mbili inaacha 2,900 kwa kila oda. Mkahawa ni ule ule, mteja yule yule, bei ile ile. Kinachoitofautisha oda ya hasara na oda ya faida ni oda ya pili ndani ya saa hiyo. Kwa maoni yangu hii ndiyo sentensi muhimu kuliko zote utakazosema mbele ya mwekezaji, na slaidi ya mchango iishie nayo.

Hatua ya nne: gharama ya kumpata mteja, yote

Chukua mwezi mmoja uliokamilika. Kampuni yetu ilitumia milioni 6.5 kwa matangazo ya mitandaoni, milioni 4.5 kwa mabalozi waliogawa vipeperushi kwenye hosteli na majengo ya ofisi, milioni 3 mshahara wa masoko, na milioni 2 zawadi za mteja kumleta mwenzake. Hizo ni milioni 16. Kila mteja mpya alipunguziwa 4,000 kwenye oda ya kwanza. Walikuwa 1,000, kwa hiyo milioni 4 nyingine. Jumla milioni 20, na gharama kwa kichwa ni 20,000.

Punguzo la oda ya kwanza nimeliweka hapa, kwenye gharama ya kumpata mteja. Unaweza kuliweka kwenye mchango badala yake, lakini likae mahali pamoja, na useme ni wapi. Kosa la kawaida ni punguzo kutoonekana kokote: idara ya masoko inasema si bajeti yake, na hesabu ya oda inatumia bei kabla ya punguzo. Mkaguzi huligundua upesi, kwa sababu pesa iliyoingia benki haifikii mapato yaliyoandikwa. Vivyo hivyo, mshahara wa masoko ukishauhesabu hapa, uuondoe kwenye gharama za ofisi usije ukauhesabu mara mbili.

Mteja mpya ni yule aliyelipia na kupokea oda ya kwanza. Aliyepakua programu na kujisajili tu hahesabiwi. Na hata huyo aliyepokea mchunguze. Watu wengi Kampala wana laini mbili, ya MTN na ya Airtel, na pale zawadi ya kumleta mwenzako inapokuwa nono mtu anajileta mwenyewe. Dalili yake ni wateja wapya wawili wenye mlango mmoja wa kupelekewa au simu moja, na kundi zima la mwezi huo kuporomoka ghafla mwezi wa pili.

Kuna jambo jingine ambalo wastani wa 20,000 unalificha. Kati ya wale 1,000, tuseme 200 walikuja wenyewe: waliona begi la dereva barabarani au wakasikia kwa jirani. Hawa walikugharimu 4,000 tu, lile punguzo. Wale 800 waliobaki ndio waliokula milioni 16, yaani 20,000 kila mmoja, na ukiongeza punguzo ni 24,000. Mwekezaji akikupa pesa za matangazo atakuwa ananunua wateja wa 24,000. Mpe namba zote mbili.

Hatua ya tano: mfuate mteja mwezi kwa mwezi

Hapa ndipo majibu matatu yanapozaliwa. Mteja anayeendelea kuagiza huagiza kama mara tatu kwa mwezi. Ukizidisha 3 kwa 7,300 unapata 21,900, imezidi 20,000, na slaidi inaandika chini ya mwezi mmoja. Mwanzilishi makini zaidi anatumia mchango wa kweli: 3 mara 2,200 ni 6,600, kwa hiyo 20,000 inarudi katika miezi mitatu hivi. Hata huyu amekosea, kwa sababu amewapa wateja wote 1,000 tabia ya wale waliobaki. Wengi waliagiza mara moja kwa ajili ya punguzo na hawakurudi tena.

Kwa hiyo chukua kundi lote la wateja walioanza mwezi mmoja, usimwondoe yeyote, na uhesabu oda zao zote kadiri miezi inavyopita. Kazi hii inafanyika kwenye Excel. Weka namba ya mteja safu ya A, tarehe ya oda safu ya B, kisha tarehe ya oda yake ya kwanza kwenye C na mwezi wake wa maisha kwenye D:

```
C2: =MINIFS(B:B,A:A,A2)
D2: =INT((B2-C2)/30)+1
```

Tumia siku 30 za mteja mwenyewe, usitumie mwezi wa kalenda. Aliyejiunga tarehe 28 angeonekana ana mwezi wa kwanza wa siku mbili, na umbo lote la kundi lingepotoka. Angalia pia kwamba kila mteja wa kundi amekwisha kuwa na siku za kutosha kabla ya kuuandika mwezi husika. Mwezi ambao haujakamilika kwa wote huonekana kama anguko ambalo halipo.

Kundi letu la wateja 1,000 limetoa hivi, kwa mchango wa 2,200 kila oda:

| Mwezi wa maisha | Oda za kundi | Mchango uliokwisha kurudi |
|---|---|---|
| 1 | 1,600 | milioni 3.5 |
| 2 | 1,080 | milioni 5.9 |
| 3 | 950 | milioni 8.0 |
| 4 | 870 | milioni 9.9 |
| 5 | 800 | milioni 11.7 |
| 6 | 770 | milioni 13.4 |
| 7 | 740 | milioni 15.0 |

Anguko kubwa ni kati ya mwezi wa kwanza na wa pili, kisha mteremko unalegea. Mteremko kulegea ni habari njema, kwa sababu maana yake kuna kiini cha watu waliofanya huduma hii kuwa mazoea. Kundi linaloendelea kuporomoka kwa kasi ile ile mwezi wa tano na wa sita halina kiini, na hakuna slaidi itakayolitibu.

Kampuni ina miezi saba tu ya ushahidi, na milioni 5 bado hazijarudi. Chora mstari mzito hadi mwezi wa 7, halafu mstari wa vitone kwa makadirio, na useme wazi umekadiria nini. Hapa tumechukua kwamba oda za kundi zitapungua asilimia 5 kila mwezi kutoka 740. Ni kasi zaidi kidogo ya miezi miwili ya mwisho, na ndivyo inavyofaa: kadiria vibaya kuliko ulivyoona. Milioni 20 zinahitaji oda 9,091 za mchango wa 2,200. Kundi linazifikisha mwezi wa 11. Kwa wateja wa matangazo, wa 24,000, ni mwezi wa 14.

Kabla ya kufunga faili, fanya jaribio moja: ondoa wateja 20 walioagiza sana, uhesabu upya. Mara nyingi utakuta ofisi moja inayoagizia wafanyakazi wote chakula cha mchana kwa akaunti moja. Ikiwa muda wa kurudi unaruka miezi kadhaa baada ya kuiondoa, unachoendesha ni biashara ya kulisha ofisi, na huenda hiyo ndiyo ungepaswa kuipeleka kwa mwekezaji.

Hatua ya sita: geuza miezi kuwa shilingi unazoomba

Muda wa kurudi si namba ya kupendeza tu. Ndio unaosema utahitaji mtaji kiasi gani. Ukiingiza wateja wapya 1,000 kila mwezi kwa milioni 20, kundi la kwanza halijamaliza deni lake na la pili linaanza. Jumlisha deni la kila kundi: kundi lenye mwezi mmoja bado linadaiwa milioni 16.5, lenye miezi miwili 14.1, lenye mitatu 12.0, na kuendelea hadi lenye miezi kumi linalodaiwa milioni 0.6. Jumla ni kama milioni 79. Hilo ndilo shimo la kununua wateja kwa kasi hiyo, nalo linafika kina chake mwezi wa kumi.

Ongeza gharama zisizobadilika. Kampuni yetu inatumia milioni 18 kwa mwezi kwa ofisi, programu na wasimamizi. Kwa mchango wa 2,200 zinahitajika oda 8,182 kwa mwezi kuzilipia, achilia mbali matangazo. Makundi yakirundikana kwa mpango huu, oda hizo zinapatikana mwezi wa kumi. Mwezi wa tisa zinakaribia sana lakini hazitoshi. Lakini mchango huo huo tumekwisha kuuhesabu kwenye shimo la wateja, kwa hiyo usiuhesabu mara mbili: kwenye ombi lako milioni 18 za kila mwezi ziingie zote. Mwekezaji akiona ombi lako limejengwa kwa matofali haya, shimo la wateja, gharama za ofisi, na akiba ya miezi kadhaa juu yake, mazungumzo yanahama kutoka kiasi gani kwenda kwa nini oda ni 740 na si 900. Huko ndiko unakotaka yafike.

Andika kila kitu kwa shilingi. Dola ziwe safu moja pembeni kwa kiwango kimoja kilichotajwa tarehe, la sivyo kupanda na kushuka kwa shilingi kutaonekana kama kukua na kusinyaa kwa biashara.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Slaidi tatu zinatosha kwa sehemu hii. Ya kwanza ni oda moja, kuanzia 40,120 ya mteja hadi 2,200, kila kipunguzo kwa jina lake. Ya pili ni dereva: saa yenye oda moja na saa yenye mbili. Ya tatu ni mchoro wa kundi, mstari mzito na wa vitone, na alama pale unapovuka milioni 20 na milioni 24. Thamani ya mteja kwa maisha yake yote iache kwenye kiambatisho. Kampuni ya miezi saba haijaona maisha ya mteja yeyote, na mwekezaji anajua.

Maswali yatakuja. La kwanza huwa la bei.

"Kijana wangu, kwa nini usipandishe kamisheni ifike asilimia 25, mambo yaishe?"

"Mzee, mkahawa utaongeza bei kwenye programu yetu. Mteja anaijua bei ya mezani, atapiga simu mkahawani na kumtuma bodaboda wake mwenyewe. Tumeona hata sasa baadhi ya sahani zina bei mbili, na oda za sahani hizo zimepungua. Pesa iliyo karibu zaidi iko kwa dereva. Tukijaza saa zote zifike oda 1.67 bila kulipa nyongeza, dereva anashuka kutoka 5,200 hadi 4,500, mchango unapanda hadi 2,900, na zile milioni 20 zinarudi mwezi wa 8 badala ya wa 11."

"Utazijazaje hizo saa?"

Jibu hapa liwe la mtaa na la saa, usilete maneno ya jumla. Kampuni yetu inasema: tutapunguza madereva wenye kima cha chini kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, tutasimamisha Najjera mchana na kuibakiza jioni, na mabalozi watapelekwa kwenye majengo yaliyo umbali mfupi kutoka mikahawa yetu ya Ntinda badala ya kutawanywa. Kila hatua ina namba ya kuipima: oda kwa dereva kwa saa, kila wiki. Lakini taja na hatari yake. Ukibana madereva kupita kiasi, oda mbili zinasubiriana, chakula kinachelewa, na zile 3 katika 100 zinazoharibika zinakuwa 5 au 6. Zikifika 6, mzigo wake unapanda kutoka 600 hadi 1,200 kwa oda, na karibu yote uliyookoa kwa dereva yameliwa.

Swali la mwisho ndilo linalowaponza waanzilishi wengi, kwa sababu linasikika kama zawadi.

"Nikikupa milioni 16 nyingine za masoko kila mwezi, utaleta wateja mara mbili?"

Waliojitayarisha hawasemi ndiyo. Wale waliokuwa rahisi kupatikana umeshawapata. Matangazo ya ziada yanawafikia watu wa mbali zaidi na wasio na haja kubwa. Tuseme milioni 16 za pili zinaleta 500. Kila mmoja amegharimu 32,000, na kwa punguzo 36,000. Kwa mchango wa 2,200 na mteremko ule ule, pesa yao inarudi mwezi wa 30. Kwa mchango wa 2,900 inarudi mwezi wa 17.

"Kwa hiyo, Mzee, tunaomba pesa hiyo ije kwa awamu mbili. Ya kwanza ni ya kujaza saa za Ntinda na Bukoto. Ya pili, ya masoko, ifunguliwe pale mchango utakapokuwa 2,900 kwa miezi mitatu mfululizo, na tutakuletea faili la makundi kila mwezi ulione mwenyewe."